Tandaro Wawili

Shangazi yangu hudhani kutengeneza mchezo wa simu ni kucheza. Kila tukikutana huniuliza kama nimepata kazi. Ningependa siku moja akae kwenye chumba chetu cha mtaa wa Lucky Summer, juu ya saluni, huku karakana za mtaa jirani wa Baba Dogo zikikata vyuma tangu asubuhi, abishane na mwanamume mzima mwenye ndevu iwapo mji ambao haupo duniani uitwe Maralindi au Maranduka. Akimaliza, aniulize tena habari ya kazi.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu aliandika kodi, yaani ile lugha ya kompyuta inayoufanya mchezo utembee, na picha alichora yeye mwenyewe. Mimi niliandika hadithi: nani yuko wapi, anataka nini, anasema nini na anaitwa nani. Yeye ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, watu wao ni wa magharibi, na alilelewa kwenye nyumba za reli ambako kila kitu kina namba, nyumba, mlango hata mti. Nadhani ndiko alikopata ugonjwa wake wa namba. Mimi wangu ni wa majina.

Mchezo wenyewe haukuwa mgumu kuueleza. Mto umekauka. Maji yaliyobaki yanapita kwenye mabomba ya zamani, na kuna mtu amezifunga koki zote ili auze maji kwa bei anayotaka. Mchezaji ni binti fundi wa mabomba. Anatoka mji hadi mji akizifungua koki, na kila anakofika anakutana na watu wanaomtuma kwingine. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ya mitungi mtaani kwetu angeuelewa kabla hajamaliza kuvuta kiti.

Shida ilianza na mwizi wa maji. Nchi hii huwezi kumpa mtu jina tu, kwa sababu kila jina limebeba kabila lake mgongoni. Mwizi nilimpa kwanza jina lililoanza na O, kama majina mengi ya watu wa magharibi, na mwenzangu akaacha kuandika, akazungusha kiti.

"Mbona mwizi ndiye anaanza na O?"

"Limenijia tu."

"Limekujia tu. Na yule fundi mzuri wa mabomba, jina lake limetoka upande gani? Si ni kwenu?"

Nikalifuta. Nikampa jina la kwetu, la milimani, ili tuwe sawa. Dada yangu alipolisikia akanuna kutwa nzima, akisema watu wetu wamesemwa vya kutosha bila mimi kuongeza. Nikajaribu jina la mashariki kidogo, na mwenye saluni, ambaye ni wa huko, akaniambia nitafute mahali pengine pa kusukwa nywele. Basi tukaamua kila jina litungwe upya, jina lisilo na kwao. Mwizi tukamwacha bila jina hadi tupate la kumfaa. Kwa kuwa kompyuta haikubali mtu asiye na jina, mwenzangu akaandika "Funguo" mahali pa jina lake, maana alichorwa na shada la funguo kiunoni. Ilikuwa ya muda tu.

Miji nilijifungia nayo. Niliwaza kwamba nchi ile ilikuwa na lugha yake ya kale, na katika lugha hiyo maji yaliitwa *mara*. Kila mji uliota penye maji. Kwa hiyo kulikuwa na Maralindi, Maralembo, Maranduka, Marasheni na Maralundo. Nilikuwa nimeandika maana ya kila moja. Maralembo ni maji yenye kujipamba. Nililiona jambo hilo kuwa zuri mno, na sioni haya kulisema: nilijiona hodari.

Kisha kulikuwa na familia ya Tandaro. Tandaro ni fundi mzee anayemfundisha yule binti kazi katika mji wa kwanza. Ana mke, ana mkwe, mke wa mwanawe, na mkwe ana mtoto wa kiume anayeishi naye mji wa pili. Mtoto naye nilimwita Tandaro. Sikufikiria mara mbili. Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, babu awe hai au awe amelala, na hakuna mjadala. Katikati ya mchezo mzee anafariki, na mwishoni yule mtoto anaifungua koki ya mwisho. Jina limerudi, maji yamerudi. Hadithi nzima niliisimamisha juu ya mguu huo mmoja.

Wakati huo kampuni moja inayouza simu ilikuwa imekubali kuuangalia mchezo wetu. Wakiupenda, wangeuweka ndani ya simu zao, na watu wangeukuta humo wanapofungua boksi. Walisema jambo moja tu: wanataka mchezo ambao mtu akiuacha leo, kesho anaurudia bila kuuliza alikuwa anaenda wapi. Mwenzangu alilirudia hilo kila siku kama mtoto anayekariri mistari ya Jumapili.

Tukashuka na simu saluni tuwajaribishie wateja. Kanuni ya kujaribisha mchezo ni kufunga mdomo. Unampa mtu simu, unakaa pembeni, unatazama anavyopotea na humsaidii. Mtu mwenye hasira kama zangu anaumia sana. Kulikuwa na mama anayeuza mitumba, amevaa roli za nywele kichwani chini ya drai, akabofya, akacheka, akaenda vizuri hadi nikaanza kutabasamu. Mwenye saluni naye akacheza kati ya wateja. Siku ya pili tukarudi kuwauliza, maana kinachokumbukwa papo hapo si kumbukumbu. Kumbukumbu ni kile kilicholala na mtu kikaamka naye.

"Mlitumwa mji gani?" mwenzangu akauliza.

"Ule wa Mara," mama wa mitumba akasema.

"Mara gani?"

"Mara nini sijui. Si yote ni Mara?"

Mwenye saluni akasema yeye alikuwa akisoma mwanzo wa neno tu, kisha jicho linaruka. Na ndivyo watu wanavyosoma kwenye simu, nilikuja kukubali baadaye: wanashika herufi za kwanza na urefu wa neno, kwingine wanakisia. Mimi nilikuwa nimewapa miji mitano yenye kichwa kimoja na kiwiliwili kimoja. Lakini saa ile sikukubali chochote. Niliwaambia wangesoma polepole. Mwenye saluni akanitazama kwenye kioo, akaendelea kusuka.

"Na nani mnamkumbuka?" mwenzangu akauliza.

"Funguo!" wakasema pamoja. "Yule mshenzi."

Jina ambalo hatukuwa tumempa. Jina la kushikilia nafasi. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha nikauliza swali ambalo nisingeuliza kama ningekuwa na akili. "Mzee Tandaro alipokufa, mlijisikiaje?"

Mama wa mitumba akakunja uso. "Alikufa lini? Si tuliongea naye kule mbele? Nikasema hata ameanza kunona." Alikuwa ameonana na mtoto, hakutazama picha, akasoma jina juu ya kichwa chake, akajua ni yule yule mzee. Kifo nilichokiandika nikilia, kilichonichukua wiki nzima, kilikuwa kimempita kama gari la taka.

Tulipanda ngazi. Mwenzangu akaketi, akafungua kompyuta, na kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgonjwa akasema, "Sikia. Tutoe majina. Miji iwe Mji wa Kwanza, Mji wa Pili, hivyo. Tuweke mshale juu ya skrini, unamuonyesha mtu pa kwenda. Hakuna kusoma, hakuna kusahau."

"Na watu?"

"Watu wa nini? Mshale unamtosha."

"Na mimi?"

Akafuta skrini kwa mkono wa shati. Halikuwa swali gumu. Mchezo wa namba na mshale hauhitaji mtu wa hadithi. Ningebaki nikimpikia chai. Nilisema mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, kuhusu nyumba za reli na watu waliolelewa ndani yake, naye akayasikiliza yote, kisha akasema tufanye jaribio moja tena. Nibadilishe ninavyotaka. Watu wasipokumbuka, anaweka mshale. Nikakubali kwa sababu sikuwa na la kufanya.

Nilianza na miji, nikiwa nimekasirika, na hasira ilinisaidia kidogo. Nilitembea kutoka Lucky Summer hadi Baba Dogo nikisikiliza watu wakielekezana njia. Hakuna aliyemwambia mwenzake aende mahali penye jina la kupendeza. Waliambiana pita kwenye tangi, shuka penye mti ulioanguka, kata kona pale palikuwa na posho mill. Posho mill yenyewe, mashine ya kusaga unga, ilibomolewa zamani na sasa pana gorofa, lakini jina halijang'oka. Jina la mahali lilikuwa kitu ambacho jicho liliwahi kukiona. Nililijua hilo tangu utotoni, na ndiyo maana liliniudhi zaidi.

Kwa hiyo mji wa kwanza ukawa Kengele, kwa sababu kuna kengele kubwa langoni na mchezaji anaipiga kabla hajaambiwa inaitwaje. Wa pili ukawa Ngazi Saba. Wa tatu Chumvi. Wa nne nilitaka uitwe Tanuri, maana kuna tanuri la matofali, lakini mwenzangu akaniambia Tanuri na Tandaro watagombana, wote wanaingia kwa mlango mmoja. Alikuwa sahihi, na uso wake ulionyesha anajua hivyo. Ukawa Matofali. Wa tano ukawa Daraja Bovu, jina linalofanana na malalamiko ya mtu aliyeandikia kaunti. Herufi tano za mwanzo tofauti, mengine mafupi, mengine ya maneno mawili, na yote yaliingia kwenye kisanduku cha maandishi cha simu ndogo bila kukatwa mkia. Tulikubaliana pia hakuna jina jipya linaloletwa hadi lililotangulia liwe limetajwa na watu wawili au watatu tofauti, na mchezaji awe amefanya kitu nalo. Funguo akabaki Funguo.

Niliyapenda? Sikuyapenda. Maralembo nilimzika peke yangu.

Tandaro ndiye aliyetushinda. Mwenzangu akasema mtoto apewe jina lingine, basi.

"Hawezi kupewa jina lingine. Yeye ndiye babu yake."

"Hapo ndipo mlipokosea nyinyi," akasema. "Kwetu mtoto anapewa jina la aliyelala. Mmoja akiondoka ndio mwingine anachukua. Hakuna kuchanganyikiwa. Nyinyi mnaita wawili na wote wanakula ugali."

"Sisi tunaita mtu akiwa hai ili aone ameitwa."

"Sawa. Lakini mama wa mitumba hakuona."

Angalau yeye alibishana kama mtu wa mila na si kama mtu wa namba. Lakini hatukufika popote. Siku zilipita, kampuni ikauliza tumefika wapi, na mimi nikawa nabadilisha jina la mtoto asubuhi na kulirudisha jioni. Nililijaribu Tandaro Mdogo. Watu hawasomi Mdogo. Nililijaribu Taro. Lilikuwa jina la mbwa.

Jumapili nilienda kula kwa kaka yangu, Baba Dogo, anakoishi mama tangu baba afariki. Dada yangu alikuwa amekuja na watoto wake. Nilifika nimevimba, nikakaa, nikaanza kulalamika kabla hata sijanawa mikono. Mama husikiliza malalamiko yangu kama mtu anayesikiliza mvua: anajua itaisha. Alionja supu, akasema bila kugeuka:

"Mume wangu, lete chumvi."

Mtoto mmoja akainuka. Mtoto wa kaka yangu, aliyeitwa kwa jina la baba yetu. Mezani kulikuwa na mwingine mwenye jina hilo hilo, mtoto wa pili wa dada yangu, naye hakutikisika, aliendelea kula. Dada akamwambia huyo, "Baba, ondoa kiwiko mezani," naye akaondoa. Wa kaka yangu hakugeuka.

Nilisahau kutafuna. Majina yalikuwa mawili yanayofanana ndani ya nyumba moja, na maisha yao yote hakuna aliyewahi kuwachanganya, kwa sababu hakuna aliyewaita kwa jina. Mama yangu alimwita mjukuu mume, na siku nyingine humgombeza kwa kutomletea soda kama vile angemgombeza baba yetu mwenyewe. Dada alimwita mwanawe baba. Mimi mwenyewe nilipewa jina la mama yake mama, na tangu nizaliwe mama hajanitamkia jina hilo. Huniita *maitu*, mama yangu, hata akinituma dukani. Kila mtu aliitwa kutoka mahali alipokaa anayemwita. Nilikuwa nimekulia ndani ya jibu, nikaenda kuwaandikia watu jina juu ya kichwa cha mtoto kama kibao cha duka. Nilikasirika upya, sasa kwa ajili ya nafsi yangu tu.

"Unakula au unaota?" mama akauliza.

Jumatatu nilimwandikia mwenzangu mazungumzo yote ya familia ile upya. Bibi wa mchezo, mke wa mzee Tandaro, anamwita mjukuu "mume wangu" mara ya kwanza tunapomwona, mtoto akiwa na kamasi puani. Majirani wa Ngazi Saba wanamwita Mume Mdogo, na hilo ndilo linaloandikwa juu ya kichwa chake. Tandaro ni mzee tu. Anapofariki, hakuna mwenye jina hilo mbele ya macho ya mchezaji. Kisha mwishoni, kwenye koki ya mwisho, bibi anamwita mtoto kwa mara ya kwanza: Tandaro.

Mwenzangu alisoma hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Akacheka mahali pa Mume Mdogo. Mwishoni hakucheka.

"Inaweza kubamba," akasema, na kwake hiyo ni sifa kubwa. "Lakini jaribio libaki pale pale. Na simtaki mtu wa saluni, hao tumeshawaharibu. Nataka mtu ambaye hawezi kukumbuka kitu. Mama yako je?"

Nilipinga. Mama yangu huita rimoti ya televisheni "ile ya kubonyeza", na kila aliyewahi kufanya kazi kwa jirani anamwita "yule wa juzi". Simu yake anaijulia ujumbe wa kanisa tu. Lakini kadiri nilivyopinga ndivyo alivyoona amempata mtu sahihi.

Mama alicheza Jumamosi, akiwa amevaa miwani, simu ameishika mbali kama sahani ya moto. Alinung'unika mchezo mzima. Alimwambia Funguo kwa sauti kwamba Mungu anamwona. Alipoona Daraja Bovu akasema, hilo hata hapa lipo. Mtoto mwenye kamasi alipoitwa mume, alicheka hadi akatoa miwani. Mzee alipofariki akabofya polepole zaidi. Nilikaa pembeni nimefunga mdomo kama kanuni inavyotaka, nikiwa nimekalia mikono yangu. Alipofika mwisho aliirudisha simu, akaenda kutia chai.

Jumatatu mwenzangu naye akaja kwa kaka kumuuliza. Alivaa shati la kola, akamwamkia mama vizuri, akakubali chai, kisha akafungua kompyuta mapajani apate kuandika majibu.

"Mama, ulianzia mji gani?"

"Kengele. Nikaipiga."

"Ukatumwa wapi?"

"Ngazi Saba, kwa yule mkwe. Halafu Chumvi, ambako sikupapenda. Halafu kwa matofali. Halafu daraja lile."

Mwenzangu akawa anaandika haraka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikihesabu miji kwa vidole. Akauliza nani alifunga maji, mama akamjibu na kumlaani. Akauliza nani alimfundisha binti kazi.

"Yule mzee. Aliyelala."

"Anaitwa nani?"

Mama akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Na yule mtoto?" mwenzangu akasema, akimsaidia, jambo ambalo kanuni inakataza.

"Mume Mdogo."

"Jina lake la kweli. Lile bibi alimwita mwishoni."

Mama akatazama dirishani. Nje mtu alikuwa anatangaza mboga. Mwenzangu alinitazama, na haikuwa sura ya ushindi, afadhali ingekuwa. Alinihurumia. Jina lile ndilo nililolibeba tangu mwanzo, lililotufanya tugombane mwezi mzima, na ndilo pekee ambalo halikushika. Nilimwona akisogeza vidole vyake kwenye kompyuta kuandika kwamba hakukumbuka, na nikajua mshale umeshawekwa. Nilitaka kumpigia mama kelele. Nilimpigia.

"Mama, umekumbuka hata lile daraja! Jina moja tu! Umelisoma, nimekuona ukilisoma!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwa mwanangu," mama akasema. "Jina nalijua. Ni jina la mume wa yule bibi. Nilitamkeje, mimi mjane kama yeye?"

Tukamtazama.

"Na wewe umemkosea adabu yule mama," akaniambia. "Umemfanya amwite mumewe kwa jina mbele ya watu, na mzee hata mwezi hajamaliza huko alikolazwa. Mke halitaji. Mimi na baba yako tulikaa miaka yote ile, ulishawahi kunisikia nikimwita?"

Nilifikiria. Alimwita baba wa fulani, kwa jina la kaka yangu. Akiwa na hasira alimwita mzee wa nyumba hii. Hospitalini, akiwa ameshika mkono wake, alimwita *wewe*. Kaburini alisimama bila kusema kitu, mchungaji ndiye aliyelisoma jina.

"Hapana," nikasema.

"Basi."

Akanywa chai. Akaiweka chini. Akaangalia mlango wa chumba ambako mume wake mdogo alikuwa analala mchana, na kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya mtu anayeita mwenzake aje ale, akalitaja jina la baba yangu. Lote, la ubatizo na la kwetu. Mara moja. Kisha akafunika mdomo kwa kiganja, kama aliyetapika.

Mwenzangu hakuwahi kumjua baba. Aliangalia kompyuta, akaniangalia mimi.

"Lakini hilo silo," akasema polepole.

"Andika amekumbuka," nikamwambia.

Akaandika.